Majina ya Wageni Yakigeuka Ã¼ na Ã©: Mwongozo Kamili wa Kunusuru Faili la CSV

"Mwanangu, hili jina la mgeni nalisomaje?" Dereva wetu, mzee wa Likoni, alikuwa ameshika kibao cha kumpokelea mgeni Uwanja wa Ndege wa Moi. Kimeandikwa *MÃ¼ller*. Jina lilitoka moja kwa moja kwenye orodha ya wageni tuliyoletewa kwa CSV, likachapishwa lilivyo.

Tangu siku hiyo nimekaa na watu wa ofisi nyingi za utalii hapa Pwani, Nyali hadi Diani, na karibu wote hukwama pahali pamoja. Hufungua faili kwa kulibofya mara mbili, huona majina yameharibika, huyasahihisha moja moja kwa mkono, kisha huhifadhi. Orodha ya wiki ijayo ikija, kazi inaanza upya. Na mara nyingi ule uhifadhi wenyewe ndio ulioharibu faili lililokuwa zima.

## Andaa hivi kwanza

- Faili la asili, kama lilivyofika kwenye barua pepe. Ikiwa umeshalifungua na kulihifadhi, rudi kwenye barua pepe ulipakue tena.
- Excel ya 2019 au mpya zaidi, au LibreOffice Calc.
- Notepad++, programu ya bure ya kuhariri maandishi. Hii ndiyo itakayokuonyesha hali halisi ya faili.
- Majina matano ya wageni unayojua yanavyoandikwa, kutoka kwenye nakala za pasipoti au barua za kuweka nafasi. Chagua yenye herufi za alama: ü, é, ñ, ł. Bila majina haya huna kipimo cha kujua kama umefaulu.
- Python, programu ya kuendeshea msimbo, ikiwa tu utafika Hatua ya 5.

## Kinachotokea ndani ya faili

Faili la CSV halihifadhi herufi. Linahifadhi namba ndogo ndogo ziitwazo baiti, na programu inayolifungua ndiyo inayozigeuza kuwa herufi kwa kufuata jedwali fulani. Jedwali hilo ndilo tunaloliita usimbaji.

Herufi za kawaida, a hadi z, zina namba zilezile kwenye majedwali mawili tutakayokutana nayo sana, UTF-8 na Windows-1252. Ndiyo maana Mwanaisha na Kazungu hawaharibiki majina hata faili likisomwa kwa jedwali lisilo lake. Kiswahili chetu kinatumia herufi hizo tupu, kwa hiyo ofisi inaweza kufanya kazi miaka bila kuujua ugonjwa huu, mpaka siku inapokuja orodha kutoka Ujerumani au Poland.

Chukua ü. UTF-8 inaiandika kwa baiti mbili, C3 na BC, kwa mtindo wa kompyuta wa kuandika namba kwa tarakimu na herufi A hadi F. Windows-1252 haijui habari ya baiti mbili kufanya herufi moja. Kwake kila baiti ni herufi kamili. C3 kwake ni Ã, na BC ni ¼. Ikisoma moja baada ya nyingine, *Müller* inakuwa *MÃ¼ller*. Baiti hazijabadilika hata moja. Msomaji ndiye aliyeshika jedwali lisilo lake.

```
Herufi   Baiti za UTF-8   Zikisomwa kwa Windows-1252
ü        C3 BC            Ã¼
é        C3 A9            Ã©
ñ        C3 B1            Ã±
ł        C5 82            Å‚
```

Shida ni kwamba CSV haina mahali pa kuandika imesimbwa kwa jedwali gani. Programu inabidi ikisie. Kwenye kompyuta nyingi za ofisi zetu, zenye Windows ya Kiingereza, Excel ikifunguliwa kwa kubofya mara mbili hukisia Windows-1252.

Kwa nini basi tusibaki na hiyo Windows-1252 wote? Kwa sababu ina nafasi zisizozidi 256. Herufi ł ya Kipolandi haimo. Herufi za Kiarabu hazimo hata moja. UTF-8 inabeba herufi zote za Unicode, orodha ya pamoja ya herufi za lugha za dunia, kwa hiyo Mjerumani, Mpolandi na mgeni wa Muskat aliyeandika jina lake kwa Kiarabu wanakaa kwenye orodha moja bila kugombana. Huo ndio usimbaji wa kuchagua kila unapopewa nafasi ya kuchagua.

## Hatua ya 1: Weka nakala, usibofye mara mbili

Nakili faili la asili kwenye folda nyingine na uliite kwa mfano `wageni_asili.csv`. Hilo usiliguse tena. Lile lingine liite `wageni.csv`; ndilo utakalolifanyia kazi.

Kufungua peke yake hakuharibu kitu. Ukiona Ã¼ kwenye Excel na ukafunga bila kuhifadhi, faili ni zima. Ukihifadhi, zile herufi mbovu zinaweza kuandikwa ndani ya faili kama herufi halisi. Na kuna hasara ya pili: kwa kubofya mara mbili, Excel huchukulia namba za simu kuwa hesabu, na sifuri ya mbele ya 07 hupotea.

Umefaulu ikiwa una mafaili mawili yenye ukubwa uleule, na moja limewekwa kando.

## Hatua ya 2: Soma dalili

Fungua `wageni.csv` kwa Notepad++, si kwa Excel. Tafuta yale majina yako matano, kisha utazame kona ya chini kulia, ambapo programu inaandika usimbaji inaodhani ni wa faili hilo. Hapa ndipo watu wengi huruka, na ndipo kazi nzima inapoamuliwa, maana kila dalili ina dawa yake.

Majina ni sahihi na pameandikwa `UTF-8`. Faili ni zima kabisa. Excel ndiyo iliyolisoma vibaya. Nenda Hatua ya 3. Mafaili mengi ninayoletewa ni ya aina hii.

Pameandikwa `ANSI`, au unaona vijisanduku vyeusi vyenye maandishi kama `xFC` katikati ya jina. Faili limesimbwa kwa jedwali la zamani. Nenda Hatua ya 4.

Pameandikwa `UTF-8`, lakini majina bado ni MÃ¼ller. Mtu alishalifungua vibaya na kulihifadhi kabla yako. Nenda Hatua ya 5.

Unaona � au alama ya kuuliza katikati ya jina. Soma Hatua ya 6 kabla hujapoteza saa yako.

## Hatua ya 3: Ingiza faili kwenye Excel kwa njia sahihi

1. Fungua Excel na ukurasa mtupu.
2. Nenda `Data`, kisha `From Text/CSV`, uchague faili lako.
3. Dirisha la kuonjesha likitokea, tazama juu kushoto, `File Origin`. Chagua `65001: Unicode (UTF-8)`. Iko mbali chini kwenye orodha, vumilia.
4. Kwenye `Delimiter` chagua kitenganishi. Mafaili ya Ujerumani mara nyingi hutumia nukta-mkato badala ya mkato, kwa sababu wao mkato huutumia kwenye desimali. Ukiona kila kitu kimerundikana kwenye safu moja, tatizo ni hili, si usimbaji.
5. Kwenye `Data Type Detection` chagua `Do not detect data types`, ili namba za simu zibaki na sifuri zake.
6. Bofya `Load`.

Kwenye LibreOffice Calc ni rahisi zaidi. Ukifungua CSV, dirisha linakuuliza lenyewe. Weka `Character set` kuwa `Unicode (UTF-8)`, chagua kitenganishi, ubofye safu ya simu na kuipa aina ya `Text`.

Umefaulu ikiwa majina yako matano yanasomeka sahihi pale kwenye dirisha la kuonjesha, kabla hujabofya `Load`. Hayajawa sahihi? Usiendelee ukitumaini yatajitengeneza. Rudi Hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Kugeuza faili la jedwali la zamani

Kwenye menyu ya `Encoding` ya Notepad++ kuna maneno mawili yanayofanana sana, na nimeona watu makini wakiyachanganya.

`UTF-8` maana yake ni "soma baiti hizi kana kwamba ni UTF-8". Faili halibadiliki, unabadilisha miwani tu.

`Convert to UTF-8` maana yake ni "chukua herufi ninazoziona sasa uziandike upya kwa UTF-8". Hapa baiti zinabadilika.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: vaa miwani sahihi kwanza, hakikisha majina yanasomeka, ndipo ugeuze. Nenda `Encoding`, `Character sets`, `Western European`, uchague `Windows-1252`. Majina yakiwa sahihi, chagua `Convert to UTF-8`, uhifadhi, kisha urudi Hatua ya 3.

Onyo kwa orodha za Poland na Ucheki. Huko jedwali la zamani ni Windows-1250. Ukiona mgeni anaitwa *£ukasz* au *Micha³*, hujapata jina la ajabu; umevaa miwani ya 1252 juu ya faili la 1250. Baiti A3 kwenye 1252 ni alama ya pauni, kwenye 1250 ni Ł. Chagua `Windows-1250`, iliyo chini ya `Central European`, na utaona *Łukasz* na *Michał* wakirudi. Ukigeuza kabla ya kugundua hili, ile pauni inakuwa pauni kweli.

## Hatua ya 5: Kurudisha nyuma uharibifu uliohifadhiwa

Hapa faili ni UTF-8 halali, lakini ndani yake zimo Ã na ¼ kama herufi mbili halisi. Wengi hukimbilia kutafuta-na-kubadilisha: Ã¼ iwe ü, Ã© iwe é. Inafanya kazi mpaka ukutane na herufi ambayo hukuiweka kwenye orodha yako, na Wapolandi pekee wanazo tisa.

Njia bora ni kuupitia mkosaji njia yake kinyumenyume. Yeye alichukua baiti za UTF-8 akazisoma kwa 1252. Sisi tunachukua herufi zake, tunazirudisha kuwa baiti kwa 1252, kisha tunazisoma kwa UTF-8. Ã inarudi C3, ¼ inarudi BC, na C3 BC kwa UTF-8 ni ü.

```python
def nusuru(mstari):
    try:
        return mstari.encode("cp1252").decode("utf-8")
    except UnicodeError:
        return mstari

with open("wageni.csv", encoding="utf-8-sig", newline="") as f, \
     open("wageni_safi.csv", "w", encoding="utf-8-sig", newline="") as g:
    for mstari in f:
        g.write(nusuru(mstari))
```

Nimeifanya mstari kwa mstari kwa sababu moja. Mafaili haya karibu kila mara yamechanganyika: dada wa mapokezi alishasahihisha wageni sita kwa mkono, waliobaki bado ni wabovu. Ukiligeuza faili zima kwa mkupuo, ü moja iliyosahihishwa inatosha kuangusha kazi yote. Hivi, mstari uliokuwa sahihi unakataa kugeuzwa na unabaki ulivyo.

Ukiona *MÃƒÂ¼ller*, kosa lilifanyika mara mbili. Endesha programu hiyohiyo tena juu ya `wageni_safi.csv`, ukibadilisha jina la faili linalotoka.

Kuna mahali ambapo njia hii haifiki, na ni vizuri kupajua ili usidhani umekosea. Windows-1252 ina baiti tano zisizo na herufi, na mbili kati yake ni 81 na 8D. Herufi Á ni C3 81, na Í ni C3 8D. Kwa hiyo mstari wa mgeni anayeitwa *Álvaro* utabaki mbovu. Urekebishe kwa mkono.

Pahali pa pili pamefichika zaidi. Herufi à ni C3 A0, na A0 kwenye 1252 ni nafasi isiyokatika, ambayo kwa macho ni nafasi tu. Mifumo mingi huigeuza kuwa nafasi ya kawaida, au huifuta ikiwa mwisho wa neno. Tuliwahi kupokea orodha ya Waitaliano wa Watamu ambayo safu ya maelezo ilikuwa na *già pagato*, yaani ameshalipa. Yote yalinusurika isipokuwa hayo, yaliyobaki *giÃ pagato*. Ile A0 ilikuwa imeshakuwa nafasi ya kawaida, na Ã peke yake haina mwenzake wa kuunganishwa naye. Mstari mzima ulikataa kugeuzwa, pamoja na jina la mgeni lililokuwemo.

Umefaulu ikiwa majina yako matano yako sawa kwenye `wageni_safi.csv`, na mistari michache iliyobaki mibovu umeiona kwa macho yako na kuiorodhesha.

## Hatua ya 6: Kilichopotea, omba tena

Alama � haina kumbukumbu ya herufi iliyokuwapo. Programu ilikutana na baiti isiyoielewa, ikaweka alama hii mahali pake, na mtu akahifadhi. Herufi zote zilizopotea sasa zina baiti zilezile, EF BF BD. Ukiona *ï¿½*, ni hiyohiyo imesomwa kwa 1252. Alama ya kuuliza ni vivyo hivyo: jina la Kiarabu likihifadhiwa kwa Windows-1252 huwa `?????`, na hakuna programu itakayolirudisha.

Usibahatishe. *M�ller* anaweza kuwa Müller au Möller, na yote mawili ni majina ya watu. Jina la mgeni lazima lilingane na pasipoti yake. Mwandikie aliyekutumia, na umwambie hasa unachotaka:

> Tafadhali tutumie tena orodha ya wageni ikiwa imesimbwa kwa UTF-8, moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wenu, bila kufunguliwa na kuhifadhiwa kwa Excel.

Lile neno la mwisho ndilo la maana. Mara nyingi mfumo wao ulitoa faili zima, na mtu akalipitisha Excel njiani ili kufuta safu moja.

## Hatua ya 7: Hifadhi, kisha kagua

Kwenye Excel nenda `Save As`. Kuna chaguo mbili zenye majina yanayokaribiana: `CSV (Comma delimited)` na `CSV UTF-8 (Comma delimited)`. Chagua ya pili. Ya kwanza inakurudisha kwenye jedwali la zamani, na Łukasz anaweza kugeuka Lukasz bila onyo lolote.

Excel ikihifadhi kwa UTF-8 huweka baiti tatu mwanzoni mwa faili, EF BB BF, kama alama ya kujitambulisha. Faida yake ni kwamba hata mwenzako akibofya mara mbili, Excel itajua. Hasara yake ni kwamba baadhi ya mifumo ya kuweka nafasi haiielewi, inaona safu ya kwanza inaitwa *ï»¿Jina* na kulalamika kwamba safu ya *Jina* haipo. Ikitokea hivyo, fungua faili kwa Notepad++, chagua `Convert to UTF-8`, uhifadhi. Alama inaondoka, herufi zinabaki.

Sasa funga kila kitu, fungua faili jipya kwa Notepad++, na utafute hizi moja moja: `Ã`, `Â`, `â€`, `�`. Zikikosekana zote, na majina yako matano, hata yale yenye ł, yakiwa sahihi, dalili ni nzuri. Ukiipata Ã, itazame kabla ya kuigusa: ni herufi halali ya Kireno, na mgeni wa Lisbon aliyeandikwa *JOÃO* yuko sahihi.

## Ng’ yetu nayo

Nilisema majina yetu hayaharibiki. Kuna moja linaloharibika. Word, ukiandika *Ng'ang'a*, huweza kugeuza ile alama iliyonyooka kuwa ya kupinda. Iliyonyooka ni baiti moja ya kawaida. Ya kupinda ni tatu, E2 80 99, na zikisomwa kwa 1252 unapata *Ngâ€™angâ€™a*.

Kuinusuru ni Hatua ya 3 au ya 5, kama herufi nyingine. Lakini hata ikishanusurika, kompyuta inaziona alama hizo mbili kuwa tofauti. Dereva mmoja aliyeandikwa mara kwa ya kunyooka na mara kwa ya kupinda atahesabiwa watu wawili kwenye orodha ya malipo. Kwa hiyo, baada ya kukagua, tafuta `’` kwenye faili zima na uibadilishe iwe `'`, kisha uhesabu upya madereva.